Intaneti inazorota jioni nyumba nzima: masasisho na gemu zinazojishusha zenyewe, na namna ya kuzihamishia usiku wa manane

Mwongozo huu ni wa nyumba yenye ruta moja inayogawanwa na watu wanne, watano au zaidi, iwe ruta ya 4G iliyowekwa dirishani au ya faiba iliyofungwa ukutani. Malalamiko yanayotoka kwenye nyumba hizo hapa Dodoma, kuanzia Ilazo na Kisasa hadi Nkuhungu, yanafanana sana. Mchana intaneti iko vizuri. Ikifika saa moja jioni, watu wakisharudi kutoka Mtumba na mjini, video inaanza kuzunguka, kikao cha mtandaoni kinakatika, na kila mmoja anaapa kwamba hashushi kitu chochote. Mara nyingi wanasema kweli. Kinachoshusha ni vifaa vyenyewe.

Tuanze na hesabu moja, kwa sababu ndiyo itakayoamua ratiba yako. Kampuni huuza spidi kwa megabiti kwa sekunde (Mbps), lakini gemu na masasisho hupimwa kwa gigabaiti (GB). Gawanya Mbps kwa 8 upate megabaiti kwa sekunde. Laini ya Mbps 12 inashusha MB 1.5 kwa sekunde, yaani kama GB 5.4 kwa saa. Gemu ya GB 70 kwenye laini hiyo inahitaji karibu saa 13 za kushusha mfululizo. Ikianzishwa saa kumi na mbili jioni, itaishika nyumba mpaka asubuhi.

## Kwanza pima, usibahatishe

Tatizo likiwa linatokea, fungua kompyuta ya Windows, andika `cmd` kwenye sehemu ya kutafutia, kisha andika `ipconfig`. Tafuta mstari wa Default Gateway. Namba iliyo hapo ndiyo anwani ya ruta yako, kwa kawaida `192.168.1.1`, `192.168.0.1` au `192.168.8.1`. Fungua madirisha mawili ya `cmd` na uendeshe amri hizi, moja kwa kila dirisha, ukiweka anwani ya ruta yako:

```
ping 192.168.1.1 -t
ping 8.8.8.8 -t
```

Ya kwanza inapima njia kati ya kompyuta na ruta. Ya pili inapima njia kutoka nyumbani hadi nje. Angalia namba ya mwisho ya kila mstari, yenye `ms`. Ruta ikijibu kwa milisekunde 2 hadi 10, na nje ikajibu kwa 30 hadi 80, laini iko huru. Ruta ikibaki kwenye 5 lakini nje ikapanda hadi 400, 900 au `Request timed out`, basi laini imejaa: kuna kifaa kinachovuta kila kilichopo, na pakiti za wengine zinasubiri foleni. Ruta yenyewe ikiruka hadi 200 na zaidi, tatizo liko kwenye waifai. Kaa karibu na ruta au tumia waya, kisha upime upya kabla ya kulaumu masasisho.

Usisimamishe vipimo. Viache viendelee, kisha zima waifai ya kifaa kimoja kimoja, ukisubiri nusu dakika baada ya kila kimoja. Kifaa ambacho ukikitoa tu namba inashuka kutoka 900 hadi 50, hicho ndicho unachokitafuta. Hakuna kipimo cha bei kubwa kinachoshinda hiki kwa nyumba ya kawaida. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C.

Angalizo moja: mashine ya gemu isitolewe kwa kuchomoa umeme. Ikiwa inaandika kwenye diski wakati huo, unaweza kuharibu data. Chomoa waya wa mtandao, au ifungie kwenye ukurasa wa ruta.

## Dalili ya 1: Jioni nyumba nzima inazorota, mchana iko sawa

Sababu ya kawaida kuliko zote ni simu zilizo kwenye chaja. Simu ya Android husubiri mambo matatu kabla ya kusasisha programu zake yenyewe: iwe kwenye waifai, iwe inachaji, na isiwe inatumika. Mtu akirudi nyumbani betri ikiwa asilimia 12, akaichomeka simu na kwenda kula, masharti yote matatu yametimia saa ile ile ambayo wengine wanaihitaji laini. Simu moja si kitu. Simu nne zenye programu 30 kila moja zinaweza kushika laini kwa saa nzima.

Fungua Play Store, gusa picha yako, kisha Settings > Network preferences > Auto-update apps. Ukichagua Over Wi-Fi only, simu itaacha kula bando la laini yake lakini itaendelea kuvuta waifai ya nyumbani jioni. Ukichagua Don't auto-update apps, utalazimika kusasisha kwa mkono angalau mara moja kwa wiki, usiku kabla ya kulala. Play Store haikupi nafasi ya kuchagua saa. Kwa hiyo njia rahisi kwa wengi ni kuchaji simu wakati wa kulala badala ya saa moja jioni. Kwenye iPhone, nenda Settings > Wi-Fi, gusa alama ya maelezo mbele ya jina la mtandao wenu, uwashe Low Data Mode.

Inayofuata ni laptopu ya Windows. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa nne asubuhi kwa saa za Pasifiki za Marekani. Huku kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku katika miezi yao ya baridi. Ukiona jioni ya Jumanne hiyo au Jumatano yake ni mbaya kuliko siku nyingine, laptopu ndiyo ya kwanza kukaguliwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc, panga kwa safu ya Network, uangalie kama Service Host: Delivery Optimization imekaa juu.

Hapa kuna kosa linalorudiwa sana. Watu huweka Active hours kuwa saa zao za kazi wakidhani wamezuia kushusha. Mpangilio huo unazuia kompyuta isijizime na kujiwasha katikati ya kazi, basi. Kushusha kunaendelea kama kawaida. Unachotaka kiko Settings > Windows Update > Advanced options > Delivery Optimization, kisha sehemu ya vikomo vya kushusha. Chagua Absolute bandwidth, weka alama kwenye kikomo cha in the background, na uandike 2 kwa laini ya Mbps 12. Kwa spidi hiyo sasisho la GB 1 litachukua zaidi kidogo ya saa moja, na hakuna atakayelihisi.

Ukitaka lisishuke kabisa mchana na jioni, fungua Settings > Network & internet > Wi-Fi, ingia kwenye sifa za mtandao wenu, uwashe Metered connection. Windows itaacha kushusha masasisho mengi yenyewe, na OneDrive nayo itasimama. Kabla ya kulala unaizima, asubuhi unaiwasha. Usiiache imewashwa miezi mitatu ukasahau, maana laptopu itabaki bila viraka vya usalama. Mwenye Windows Pro anaweza kuepuka kazi hiyo ya kila siku: andika `gpedit.msc`, nenda Computer Configuration > Administrative Templates > Windows Components > Delivery Optimization, ufungue Set Business Hours to Limit Background Download Bandwidth. Humo unaweka saa za kubanwa, kwa mfano 6 AM hadi 11 PM, na asilimia ya spidi inayoruhusiwa ndani na nje ya saa hizo. Toleo la Home halina chombo hicho.

Ya tatu ni PlayStation iliyolala. Taa ya rangi ya chungwa maana yake haijazimwa. Ipo kwenye hali ya kupumzika, na kama imeruhusiwa kubaki mtandaoni, inaendelea kushusha. Kwenye PS4 nenda Settings > System > Automatic Downloads uondoe alama kwenye Application Update Files. Kwenye PS5 ni Settings > Saved Data and Game/App Settings > Automatic Updates. Ukishafanya hivyo, mashine haitashusha sasisho la gemu bila mtu kuianzisha. Lakini acha Stay Connected to the Internet ikiwa imewashwa kwenye mipangilio ya hali ya kupumzika, kwa sababu utaihitaji usiku.

Mashine hizi hazina ratiba ya saa. Unaitengeneza kwa mkono: kabla ya kulala, weka kishale juu ya gemu, bonyeza OPTIONS, chagua Check for Update, hakikisha kushusha kumeanza, kisha iweke kwenye hali ya kupumzika. Ni nusu dakika ya kazi. Tatizo hujitokeza pale mtoto anapotaka kucheza na wenzake Jumamosi jioni, na gemu inakataa kuingia mtandaoni mpaka isasishwe. Hapo hana budi kushusha saa ile ile. Mzoeshe kukagua Ijumaa usiku.

Ya nne ni Steam kwenye kompyuta. Hii ndiyo pekee kati ya zote yenye ratiba ya kweli. Ingia Settings > Downloads, washa Schedule auto-updates, chagua 12:00 AM hadi 6:00 AM. Hapo hapo kuna Limit download speed kwa ajili ya dharura za mchana. Kumbuka kwamba ratiba hii ni ya masasisho. Ukibonyeza kusakinisha gemu mpya, itaanza pale pale. Na ukibonyeza kucheza gemu iliyo na sasisho linalosubiri, Steam haitangoja usiku.

## Dalili ya 2: Kushusha kunaonekana kawaida, lakini unavyoongea husikiki

Wewe unawasikia wenzako kwenye kikao, wao hawakusikii, na picha yako imeganda. Kinachojaa hapa ni njia ya kupandisha, ambayo kwenye ruta nyingi za 4G ni nyembamba kuliko ya kushusha. Laini ya Mbps 12 inaweza kuwa na 3 au 4 tu za kupanda.

Sababu ya kwanza ni picha na video zinazopandishwa na simu, hasa siku ya harusi au ya safari. Kwenye Google Photos gusa picha yako na usimamishe Backup mpaka usiku. Nakala ya WhatsApp kwa kawaida huenda saa nane usiku, kwa hiyo haihusiki na jioni.

Sababu ya pili inawashangaza wengi: Windows inaweza kugawa masasisho iliyokwisha kushusha kwa kompyuta nyingine, zikiwemo za watu usiowajua huko nje. Kwenye ukurasa ule ule wa Delivery Optimization utaona Allow downloads from other PCs. Kama mna kompyuta mbili au zaidi nyumbani, chagua Devices on my local network. Sasisho litaingia mara moja kutoka nje, kisha kompyuta zitapeana ndani kwa ndani. Kama ni kompyuta moja, zima kabisa. Ukurasa wa Activity monitor ulio hapo hapo unaonyesha kiasi ilichopandisha mwezi huu.

## Dalili ya 3: Bando la mwezi linaisha katikati na hakuna aliyelitumia

Anza na ushahidi ulio kwenye vifaa. Kwenye Windows 11 fungua Settings > Network & internet > Advanced network settings > Data usage, uone siku 30 zilizopita, programu moja moja. Kwenye Android ingia kwenye mipangilio ya mtandao, utafute matumizi ya data ya Wi-Fi. Jumlisha, kisha linganisha na kile kampuni inachosema umetumia.

Jumla zikikaribiana, mlaji ni mmoja wenu. Kwa kawaida ni gemu, maana gemu nyingi kubwa za sasa zinazidi GB 50 na baadhi zinavuka 100. Sasisho moja linaweza kuwa la GB 20. Kuhamishia usiku hakupunguzi kiasi hicho hata kidogo, isipokuwa kampuni yako inauza kifurushi cha usiku au haihesabu matumizi ya saa hizo. Soma masharti ya kifurushi chako uone saa kinapoanza na kinapokoma. Kinachopunguza kweli ni kufuta gemu ambazo hakuna anayezicheza, kwa sababu nazo zinasasishwa. Kwenye Steam, zile za kucheza mara chache bonyeza kulia, Properties > Updates, uziweke zisubiri mpaka utakapozifungua. Kama nyumba ina kompyuta mbili zenye Steam, washa Game File Transfer over Local Network kwenye Downloads. Ya pili itachukua gemu kutoka kwa ya kwanza bila kugusa bando.

Jumla zisipokaribiana, yaani kampuni inasema GB 180 na vifaa vyenu vinasema 70, fungua ukurasa wa ruta uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Majirani wa nyumba za kupanga hupeana nywila kwa urahisi. Badilisha nywila ya waifai na nywila ya kuingilia ukurasa wa ruta, zote mbili.

## Dalili ya 4: Umepanga ratiba, asubuhi hakuna kilichoshuka, au kimeshuka jioni

Hii ndiyo dalili inayowakatisha watu tamaa, na karibu kila mara sababu yake ni ndogo.

Saa imeandikwa kimakosa. Ukitaka saa nane usiku, kwenye skrini ni 2:00 AM au 02:00. Aliyeandika 8:00 PM amepanga saa mbili usiku, wakati nyumba nzima iko mtandaoni. Aliyeandika 8:00 AM amepanga saa mbili asubuhi. Saa sita usiku ni 12:00 AM au 00:00, na saa kumi na mbili asubuhi ni 6:00 AM. Ikiwa ratiba yako inafanya kazi lakini kwa tofauti ya saa sita kamili, usitafute zaidi.

Kifaa hakijui saa ya hapa. Kwenye Windows chagua `(UTC+03:00) Nairobi`. Ruta nyingi hutoka kiwandani zikiwa na saa za nchi nyingine, na nyingi hazina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huanza na tarehe ya uongo, mara nyingi mwaka 1970, mpaka ipate saa sahihi kutoka mtandaoni. Ikiwa unatumia ratiba ya ruta, ingia kwenye sehemu ya mfumo au ya saa, uweke UTC+3 na uwashe NTP, yaani huduma ya kuchukua saa mtandaoni. Kisha chomoa ruta, ichomeke tena, uone kama saa imerudi sahihi ndani ya dakika chache.

Kompyuta imelala. Steam haishushi kama kompyuta imelala au kifuniko kimefungwa, na lazima Steam yenyewe iwe imefunguliwa. Laptopu ikiwa kwenye umeme, amri hii inaizuia kulala:

```
powercfg /change standby-timeout-ac 0
```

Kurudisha, andika 30 mahali pa 0. Kifuniko kiachwe wazi. Ukitaka ijizime yenyewe alfajiri, saa tano usiku andika `shutdown /s /t 25200`. Hizo ni sekunde za saa 7, kwa hiyo itazima saa kumi na mbili asubuhi. Ukighairi, andika `shutdown /a`. Usiiweke juu ya godoro wala zulia. Miezi ya Oktoba na Novemba, joto la Dodoma na vumbi lililoziba feni vinatosha kuifanya ijizime katikati ya kazi.

Umeme umekatika, au uniti za LUKU zimeisha. Angalia mita kabla ya kulala. Kushusha kutaendelea pale kulipoishia, ila usiku mmoja umepotea. Betri ndogo ya ruta ya volti 12 inasaidia umeme unapoyumba kwa muda mfupi, mradi amperi zake zisipungue zilizoandikwa kwenye adapta ya ruta.

Diski imejaa. Dalili yake ni kwamba spidi ya mtandao ni sifuri lakini diski inafanya kazi, au PS4 imeandika inanakili na mstari hausogei. PS4 huandaa nakala ya gemu wakati wa kuisasisha, kwa hiyo inataka nafasi kubwa kuliko ukubwa wa sasisho lenyewe. Kwa gemu ya GB 70, acha GB 70 nyingine wazi.

## Mfano uliofanyiwa hesabu

Chukua nyumba ya Ilazo yenye ruta ya 4G iliyopima Mbps 12 kushuka na 4 kupanda, asubuhi na mapema. Kuna laptopu mbili za Windows 11, PS4 moja, na simu tano. Jioni ping ya nje inasoma 850, ya ruta inasoma 6. Wanatoa simu moja moja: namba inashuka hadi 700. Wanafungia laptopu ya pili, ile isiyopima: 620. Wanachomoa waya wa PS4, na namba inaanguka hadi 45. Gemu ya GB 70 ilianzishwa baada ya shule na ikaachwa.

Saa za utulivu ni kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, yaani saa 6. Kwa GB 5.4 kila saa inapatikana 32.4 kwenye karatasi. Toa sehemu ya kumi kwa kuyumba kwa mtandao, zinabaki kama GB 29. Kwa hiyo gemu inahitaji usiku tatu: 29, 29 na 12 za mwisho. Ikianza Jumatano usiku, Jumamosi asubuhi ipo tayari. Mchana inasimamishwa kwenye Notifications > Downloads, usiku inaendelezwa. Usiku wa tatu umebaki na nafasi ya zaidi ya saa 3, na hapo ndipo laptopu zinazimiwa Metered connection zishushe masasisho yao. Vyote vikiachiwa usiku wa kwanza vitagawana Mbps zile zile 12, na hakuna kitakachomalizika.

Kama hakuna wa kuamka kusimamisha, ruta nyingi zina Parental Control au Access Control yenye ratiba kwa kila kifaa. Ifungie PS4 kwa anwani yake ya MAC, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, kuanzia 06:00 hadi 00:00. Gharama yake ni kwamba mtoto hatacheza mtandaoni mchana kutwa, kwa hiyo ni hatua ya siku hizo tatu tu. Kwa simu, njia hii haitegemeki, kwa sababu simu za sasa hutumia anwani ya MAC ya kubuni.

## Wapi uishie na umwite fundi au kampuni

Usichomoe kitu kabisa pale ruta inaposasisha programu yake ya ndani, PlayStation inaposakinisha programu ya mfumo, au laptopu inapoandika kwamba inasasisha BIOS. Kukata umeme hapo kunaweza kuua kifaa. Kikiwa kimeshakwama na hakiwaki, hiyo ni kazi ya fundi.

Taa ya LOS ikiwaka nyekundu kwenye ruta ya faiba, acha kubadilisha mipangilio. Kebo au kiunganishi kina hitilafu, na ni mafundi wa kampuni wanaoweza kuunganisha. Usichungulie kwenye ncha ya kebo hiyo, mwanga wake hauonekani na unaumiza jicho. Antena ya juu ya paa isiguswe mvua za radi zinapoanza. Adapta inayonuka kuungua, betri ya laptopu iliyovimba, au diski inayogonga: zima, chomoa, peleka kwa fundi.

Ruta ya 4G iliyowekwa dirishani upande wa jua la mchana, ikiwa ya moto kushika, inaweza kupunguza spidi au kujiwasha upya. Isogeze kivulini kabla ya kupiga simu popote.

Mwisho, fanya jaribio hili: saa kumi alfajiri, acha kompyuta moja tu imeunganishwa kwa waya na vifaa vingine vyote vimetolewa. Kama spidi bado ni ndogo au ping ya nje iko juu ya 300, masasisho hayahusiki. Inawezekana kifurushi kimevuka kiwango na kampuni imepunguza spidi, au mnara una tatizo. Piga huduma kwa wateja ukiwa na vitu vinne mkononi: tarehe na saa ya kipimo, ping ya ruta, ping ya nje, na spidi ya kushuka na kupanda kwa waya. Waulize moja kwa moja kama laini yako imepunguzwa spidi na itarudi lini. Ukiwa na namba hizo, hawataishia kukuambia uzime ruta na kuiwasha.